Milango ya klozeti ya kukunja inaruka kwenye reli kila mara. Nibadilishe pini ipi na kigurudumu kipi?

mama_mapacha (Columbus, Ohio)

Habari za wikendi wakuu. Naomba msaada kwa wenzangu mnaoishi huku Marekani na Kanada, maana kule nyumbani kabati zetu nyingi ni za bawaba za kawaida au za kusukuma pembeni.

Tunapanga nyumba ambayo klozeti ya chumbani ina ile milango ya mbao inayojikunja katikati. Vipande ni vinne: viwili vinakunjikia kushoto, viwili kulia. Upande wa kulia hauna neno. Wa kushoto ukiushika tu kuuvuta, unachomoka juu kwenye reli na kubaki umelala upande, wiki iliyopita nusura umwangukie mtoto. Nilienda dukani nikanunua kile kigurudumu cha juu nikakibadilisha mwenyewe. Ulitulia siku chache, kisha ukarudia yaleyale.

Ofisi ya wenye nyumba wanasema fundi wao atakuja, lakini foleni ni ndefu. Nataka kujua ni kifaa gani hasa cha kubadilisha, kwa sababu dukani kuna vipakiti vingi vya vidude vinavyofanana na sijui kipi ni cha wapi.

---

Kipanga77 (Dar es Salaam)

Pole dada. Hiyo ni kazi ndogo sana. Nyuma ya mlango, juu, utaona roli mbili zimeshikwa na bati lenye skrubu. Legeza skrubu, pandisha roli, kaza tena. Mlango ukiwa umeninginia sawasawa hauwezi kutoka kwenye reli. Kwangu nimefanya hivyo kwenye kabati la chumba cha wageni na hadi leo linateleza vizuri.

---

Njoro_wa_Dallas

Kipanga unazungumzia milango ya kusukuma, ile inapishana. Hii ya dada ni ya kukunja, ni kitu tofauti kabisa.

Mama mapacha, mimi nimekaa na hizi milango miaka mingi. Shida ni kigurudumu cha bei rahisi. Uzito wote wa mlango unabebwa na kile kigurudumu kidogo cha plastiki, kwa hivyo nunua kile kizito chenye chuma ndani, halafu paka reli mafuta. Mimi nilibadilisha kigurudumu peke yake na shida ikaisha.

---

fundi_mbao (Louisville, Kentucky)

Dada mama_mapacha, usinunue kitu kingine kwanza.

Njoro ndugu yangu, kwenye kigurudumu hapo tupishane kidogo. Mlango wa kukunja haujaninginia, umesimama. Uzito karibu wote unashuka kwenye pini moja iliyo chini, kwenye kona ya karibu na ukuta, na ile pini imekaa kwenye kibraketi cha chuma kilichofungwa sakafuni au kwenye fremu. Juu ya kona hiyohiyo kuna pini nyingine yenye springi ndani, imeingia kwenye tundu la braketi ndogo iliyo ndani ya reli. Hizo mbili ndizo mhimili, mlango unazunguka hapo. Kigurudumu kiko upande wa mbali, kwenye kipande cha pili, na kazi yake ni kuongoza ule ncha ufuate reli usitoke nje. Hakibebi kitu. Ukikuta kigurudumu kimebeba uzito, basi kuna jambo limeharibika kwingine, na kipya utakachoweka kitakufa vilevile.

Sasa naomba unijibu mambo mawili. La kwanza: fungua mlango taratibu huku mtu mwingine akitazama juu kwa tochi. Kinachochomoka kwanza ni kona ya ukutani au ni ncha yenye kigurudumu? Ikitoka ya ukutani, mlango wote unalegea na kutaka kuanguka. Ikitoka ncha ya kigurudumu peke yake, mlango unabaki umesimama ila unapepea mbele kama geti.

La pili: funga mlango, chukua tepu, pima nafasi iliyopo kati ya kichwa cha mlango na reli. Pima kona ya ukutani, pima na ncha ya mbali. Kisha pima hivyohivyo kwenye mlango mzima wa kulia. Ukiwa na ule mzima pembeni una bahati, maana ndio utakaokuambia mgonjwa ana nini.

---

Njoro_wa_Dallas

Sawa fundi, lakini yangu ilipona kwa kigurudumu tu. Hiyo utaielezaje?

---

fundi_mbao

Inawezekana kabisa. Kigurudumu nacho kina springi yake. Springi ikichoka au ikijaa rangi, pini inabaki imezama ndani ya mbao na kile kigurudumu kinashika reli kwa ukingo tu, mlango ukigongwa unatoka. Kipimo chake ni kidole gumba: bonyeza kigurudumu kiingie ndani, achia. Kikirudi juu kwa nguvu ni kizima. Kikibaki chini au kikapanda kwa kusitasita, badilisha. Yako ilikuwa hivyo, naamini. Ya dada amekibadilisha na bado, ndiyo maana namwambia atazame kwingine.

Na mafuta kwenye reli acheni jamani. Mafuta yanakamata vumbi, vumbi linakuwa tope, baada ya miezi michache kigurudumu kinakwaruza. Futa reli kwa kitambaa kikavu, kisha sugua nta ya mshumaa au puliza silikoni kavu.

---

mama_mapacha

Ahsante fundi. Nimepima na mume wangu.

Kinachotoka kwanza ni kona ya ukutani. Kabla hata ya kigurudumu, ile pini ya juu inachomoka kwenye tundu lake.

Nafasi ya juu: mlango wa kulia ni robo inchi, pande zote mbili. Wa kushoto kona ya ukutani ni inchi 5/8, na ncha ya mbali ni zaidi kidogo ya hapo.

Halafu kuna kitu nimekiona nilipopiga magoti na tochi. Upande wa kulia, kile kibraketi cha chini kimekaa juu ya kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyeupe kama fremu. Kushoto hakuna ubao, kibraketi kimekaa moja kwa moja sakafuni, na kimeshikwa na skrubu moja tu. Tundu za skrubu nyingine ziko wazi.

---

fundi_mbao

Swali moja: je, sakafu ilibadilishwa?

---

mama_mapacha

Ndiyo! Mwaka jana walitoa kapeti wakaweka zile mbao za vinaili. Umejuaje?

---

fundi_mbao

Kwa sababu hilo nalikuta mara nyingi kwenye nyumba za kupanga. Penye kapeti, aliyefunga milango alipandisha vibraketi juu ya vipande vya ubao ili mlango usikwaruze kapeti. Waliokuja kutandika vinaili waling'oa milango, waking'oa na vibraketi. Waliporudisha, upande wa kulia walikumbuka ule ubao, wa kushoto ukaenda na takataka. Mlango wako wa kushoto umeshuka kwa unene wa ubao ule. Nenda kapime ubao wa kulia, nadhani utakuta inchi 3/8, kwa sababu 5/8 ukitoa 1/4 inabaki 3/8.

Sasa tazama kinachotokea juu. Pini ya springi inatoka nje ya mlango kwa urefu mdogo tu. Nafasi ikiwa robo inchi, pini inaingia vizuri kwenye tundu la braketi na inabaki na akiba ya springi. Nafasi ikifika 5/8, springi imejinyoosha hadi mwisho, na ncha ya pini imeshika mdomo wa tundu peke yake. Ukivuta mlango, unaegemea kidogo, pini inatoka. Kigurudumu kipya kilikusaidia siku chache kwa sababu springi yake mpya ilikuwa inasukuma zaidi, ikawa imeshikilia mlango ambao ulishapoteza mhimili wake.

Kwa hiyo tiba ni kuupandisha mlango, na si kununua pini ya juu ndefu zaidi, ingawa kuna watu watakushauri hivyo.

---

mtu_wa_tanga (Minneapolis)

Lakini fundi, ile pini ya chini si ina nati ya kuzungusha? Azungushe tu nati mlango upande, hakuna haja ya ubao wala nini. Mimi hufanya hivyo.

---

fundi_mbao

Inayo, na ndiyo sahihi kwa marekebisho madogo. Unauinua mlango kidogo kwa mguu au kabari ili uzito utoke kwenye pini, unazungusha kwa spana, pini inatoka nje na mlango unapanda. Kwa 1/8 hata kidogo zaidi ni sawa. Lakini 3/8 ni nyingi. Kila unapoitoa pini, uzi unaobaki ndani ya mbao unapungua, na pini inakuwa mkono mrefu unaosukumwa pembeni kila mlango unapofunguliwa. Mbao ya chini inapasuka. Mimi pini ikishatoka hadi nusu ya uzi wake nasimama hapo, kinachobaki nakimaliza kwa ubao chini ya braketi.

Na dada, kabla hujafunga chochote, ng'oa mlango uutazame chini. Kunja mlango hadi karibu nusu, mmoja ashike kwa juu. Inua mlango wote moja kwa moja hadi pini ya chini itoke kwenye meno ya braketi, vuta chini kuja kwako, kisha shusha na pini ya juu itatoka yenyewe. Ulaze kitandani. Watoto wasiwepo chumbani, hasa vidole, hizi bawaba za katikati zinabana.

Ukiulaza, shika pini ya chini utikise. Niambie inacheza au haichezi.

---

shemeji_Edmonton

Samahani kuingilia uzi wa mwenzangu. Na mimi yangu inaruka hivyohivyo ila ni ya chuma, ile ya mabati meupe, nyumba ya miaka ya zamani. Pini ya chini imevunjika, ni ya plastiki. Nikinunua hiyo pini ya mbao mnayosema itaingia?

---

fundi_mbao

Haitaingia shemeji. Mlango wa bati hauna nyama ya kushika pini ya mbao. Kwenye hiyo pini imekaa ndani ya kipande cha plastiki au bati kilichobanwa kwenye kona ya mlango kwa skrubu, na vipande hivyo vinatofautiana kwa kila aliyetengeneza. Fungua skrubu, toa kipande chote, piga picha pande zake zote na rula pembeni, uweke hapa. Usikitupe kile kilichovunjika hata kikiwa vipande viwili.

---

mama_mapacha

Fundi, tumeung'oa. Ubao wa kulia kweli ni 3/8, nimeupima kwa tepu ya kushonea kwa sababu ile ya chuma haikuingia nyuma yake.

Pini ya chini inacheza sana. Tundu si duara tena, limekuwa kama yai, na kuna ufa mdogo unaoanzia hapo kuelekea ukingoni. Zile nyuzi za plastiki zimelika. Na mlango ukiugonga unasikika mtupu ndani. Je, niweke vijiti vya meno na gundi? Dada yangu alifanya hivyo kwenye bawaba ya jikoni ikakaa.

---

mtu_wa_tanga

Vijiti vya meno na gundi ya mbao ni dawa nzuri mno, weka, kata, subiri ikauke, rudisha pini. Usipoteze hela.

---

fundi_mbao

Kwa skrubu za bawaba, vijiti na gundi nakubali bila ubishi, nafanya mwenyewe. Ila hapa siwezi kumshauri. Skrubu ya bawaba inavutwa tu. Pini hii imebeba mlango mzima na inazunguka ndani ya tundu lake kila siku. Vijiti vitasagika.

Mlango ungekuwa wa mbao nzima ningemwambia atoboe lile tundu kwa keekee ya inchi 5/8, atie gundi na kigongo cha mbao ngumu cha unene huohuo, kikauke usiku kucha, kisha atoboe tundu jipya katikati yake. Lakini mlango wake ni mtupu. Chini kuna ubao mwembamba tu umefungwa kati ya kuta mbili za mlango, na juu yake ni karatasi na hewa. Keekee ikipita ule ubao inatumbukia kwenye utupu, na kigongo kinakosa cha kushika. Na ufa tayari upo.

Dada, kuna kiatu cha chuma kwa kazi hii. Ni bati lililokunjwa linalovikwa kona ya chini ya mlango, limeshikwa kwa skrubu kwenye nyuso mbili za mlango badala ya chini, na pini imeshachomelewa au kufungwa juu yake. Uzito unahamia kwenye bati, tundu lililoharibika halina kazi tena. Kwenye tovuti ya duka andika `bifold door repair bracket`. Ukiona picha ya kipande chenye umbo la U na pini imetoka chini, ndicho. Hakikisha unene: mlango wako pengine ni inchi 1 na 3/8, pima.

Kabla ya kuvika, tia gundi ya mbao ndani ya ule ufa, bana kwa klampu, acha ikauke. Halafu pima kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya pini ya juu. Pini ya chini ya kiatu lazima ikae umbali uleule kutoka ukingo. Zikipishana, mlango utazunguka kwa mhimili uliopinda, na utapanda na kushuka kila ukifungua.

---

Njoro_wa_Dallas

Hiyo ya kiatu sikuijua, asante fundi. Sasa pini ya juu yeye aiache?

---

fundi_mbao

Aipime kwa kidole gumba kama kigurudumu. Na atazame ncha yake. Imekuwa ikikwaruza mdomo wa tundu mwaka mzima, kama imelika upande mmoja au plastiki imechanika, ibadilishwe, ni bei ya soda. Dukani aende na ile ya zamani mkononi. Unene wa kawaida wa sehemu inayoingia mlangoni ni inchi 3/8, lakini ziko za 7/16, na kwa macho hutaona tofauti. Ukitia ya 3/8 kwenye tundu la 7/16 itacheza siku ya kwanza. Ukilazimisha ya 7/16 kwenye tundu la 3/8 unapasua mlango. Kwenye tovuti hiyo inaitwa `bifold top pivot`, ya chini `bifold bottom pivot`, na kigurudumu `bifold top guide`. Hapo ndipo wengi wanapokosea pakiti, kwa sababu pini ya juu na kigurudumu zinafanana shina, tofauti ni kichwa.

Braketi iliyo ndani ya reli asiibadilishe kama haijapinda. Reli zina upana tofauti, ya pakiti mpya inaweza isiingie kwenye reli ya zamani. Ila aikague skrubu yake ya kubana. Kazi kubwa ya braketi hiyo ni kuzuia mlango usiinamie mbele: mlango umesimama kwa kona moja, mwili wote uko upande mmoja, kwa hiyo kichwa cha mlango kinavuta ile braketi kwenda mbali na ukuta usiku na mchana. Skrubu ikilegea, braketi inateleza, ncha ya mbali inashuka. Dada alisema nafasi ya ncha ya mbali imezidi kidogo ile ya ukutani. Nashuku hata hiyo imeteleza.

---

mama_mapacha

Sasa swali la braketi ya chini. Mkataba unasema tusitoboe sakafu. Nitaufungaje ule ubao?

---

mtu_wa_tanga

Toboa tu dada, ni ndani ya klozeti, nani ataona. Braketi isipofungwa sakafuni itahama.

---

fundi_mbao

Hapa sitakuwa na msimamo mkali. Mbao za vinaili za kubana zimetandazwa bila kugundishwa, zinatanuka na kusinyaa. Ukizipigilia skrubu sehemu moja, zinaweza kuinuka kwingine. Pia kuna mafundi ninaowaheshimu wanaopiga skrubu moja pembeni kabisa ya chumba na hawajapata shida. Mimi kwa mpangaji ningefunga kwenye fremu peke yake: braketi ina umbo la L, mguu wake wa wima una tundu zake. Tumia zote zilizopo, skrubu ndefu za inchi 2 zipite fremu zifike kwenye nguzo ya ukuta nyuma yake. Ile skrubu moja waliyoweka, wallahi, sijui walifikiria nini. Ubao wa 3/8 uweke chini ya mguu wa kulala, mpana kuzidi mguu kidogo. Uzito ukishuka unaubana wenyewe.

---

mama_mapacha

Tumerudi na ripoti. Kiatu kimevikwa, ubao upo, skrubu mbili kwenye fremu zimeshika vizuri, moja ilikuwa inazunguka hewani tukaihamisha. Pini ya juu tumebadilisha, ilikuwa imelika kama ulivyosema. Kuurudisha: pini ya juu kwanza kwenye tundu, kisha tukainua na kuikalisha ya chini kwenye meno, kisha tukabonyeza kigurudumu kuingia kwenye reli. Nafasi ya juu sasa ni robo inchi upande wa ukutani. Umefunguka na kufungwa bila kuruka!

Lakini tukifunga pande zote mbili, katikati milango inagusana juu, na chini inaacha mwanya kama wa kalamu.

---

Kipanga77

Randa huko juu kidogo.

---

fundi_mbao

Usirande kitu. Mlango umeinamia katikati, ndio ile braketi ya juu iliyoteleza. Fungua mlango nusu, legeza skrubu ya kubana ndani ya reli, sukuma braketi kuelekea ukutani kwa 1/8 hivi, kaza, funga, tazama. Ncha ya mbali itapanda na mwanya wa chini utapungua. Endelea kidogokidogo hadi milango ikutane kuanzia juu mpaka chini. Ikishakaa, kaza ile skrubu kwa nguvu ya mkono, usiivunje, na weka alama ya penseli kwenye reli pembeni ya braketi. Siku nyingine mlango ukianza vituko, tazama alama kwanza.

Kama braketi ya juu imefika mwisho wa reli na bado, basi sogeza pini ya chini jino moja kuja katikati. Ni hesabu ileile kwa upande wa pili.

Na tazama nyuma ya milango, chini, pale inapokutana. Kwenye nyingi kuna vibati viwili vinavyoshikana mlango ukifungwa. Kimoja kikiwa kimepinda, milango inasukumana na ile ncha ya kigurudumu inapigwa teke kila ukifunga.

---

mama_mapacha

Imekubali! Tumesogeza mara mbili tatu hivi. Vibati vipo, kimoja kilikuwa kimegeukia ndani, mume wangu amekinyoosha kwa plaizi. Fundi Mungu akubariki. Sasa ofisi wakimtuma fundi wao nimwambie nini kuhusu kile kiatu? Watanikata kwenye amana?

---

Njoro_wa_Dallas

Piga picha ya tundu lililopasuka na ya skrubu ile moja, watumie kwa imeli leo. Ukikaa kimya watasema wewe ndiye umepasua.

---

mtu_wa_tanga

Mimi nisingewaambia kitu. Mlango unafanya kazi, wataulizia nini?

---

mama_mapacha

Nitatuma picha. Ufa ulikuwepo kabla yetu na ninayo picha ya siku tuliyohamia, kona ile inaonekana.

---

shemeji_Edmonton

Fundi nimefungua kile kipande cha mlango wa bati. Kina upana wa inchi 1 kamili, skrubu mbili, pini ni ya plastiki nyeupe na imekatika usawa wa kipande. Duka la kwanza hawana. La pili wamenipa kinachofanana ila tundu za skrubu zimepishana kama robo inchi. Nitoboe tundu mpya kwenye bati la mlango au niendelee kutafuta?

---

fundi_mbao

Linganisha kwanza pini iko umbali gani kutoka ukingo wa kipande, cha zamani na kipya. Kama umbali ni uleule, toboa, bati ni jepesi, keekee ndogo ya chuma inatosha. Kama pini nayo imepishana, usitoboe. Weka picha ya vyote viwili pamoja.